Chumvi Itokayo Chini: Kwa Nini Kisima cha Pwani Hugeuka Kinapovutwa kwa Nguvu

Katika vitongoji vilivyo karibu na bahari si ajabu kukuta kisima kirefu kilichotoa maji matamu kwa miaka kadhaa, kisha kikaanza kubadilika. Kwanza sabuni inakataa kutoa povu. Halafu chai inakuwa na ladha isiyoeleweka. Mwishoni, hata mgeni akionja maji hayo hutambua kwamba ni ya chumvi. Mwenye kisima husema bahari imeingia, na mara nyingi hushauriwa aongeze kina ili ayapate maji mazuri yaliyo chini zaidi. Usemi wa kwanza una ukweli ndani yake. Ushauri wa pili, kwa visima vingi vya pwani, ndio unaozidisha tatizo. Makala haya yanaeleza sababu, na yanaonyesha ni kwa nini jambo hili linamhusu muuguzi na mgonjwa kama linavyomhusu mchimba visima.

Maji matamu yaliyoelea juu ya maji ya bahari

Mvua inayonyesha pwani hupenya mchangani na kujikusanya chini ya ardhi. Hata hivyo, chini ya maji hayo, karibu na ufuo, mchanga umejaa maji ya bahari. Maji matamu hayazami ndani yake kwa sababu ni mepesi zaidi: lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, na lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Basi maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, mfano wa mashua ambayo sehemu yake kubwa imezama na ndogo tu ndiyo inayoonekana.

Tofauti hiyo ndogo ya uzito ina hesabu yake. Nguzo ya maji matamu yenye urefu wa mita 41 ina uzito sawa na nguzo ya maji ya bahari yenye urefu wa mita 40. Kwa hiyo, pale ambapo maji matamu yamesimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, yameshuka mita 40 hivi chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Kanuni hii huitwa kwa majina ya Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, ambao waliifikia kila mmoja kivyake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kanuni hiyo ina upande wa pili ambao ndio hatari yetu: uso wa maji matamu ukishuka mita 1 na kubaki hapo, mpaka wa chumvi hupanda mita 40. Ukishuka sentimita 25 tu, yaani takriban shubiri moja ya mkono, mpaka huo hupanda mita 10.

Mpaka wenyewe si mstari uliochorwa. Ni ukanda wa mchanganyiko, wenye chumvi inayoongezeka kadiri unavyokwenda chini. Kupanda kwake pia si kwa siku moja. Maji hupita polepole kati ya chembe za mchanga, na mpaka unaweza kuchukua miezi au miaka kabla ya kutulia mahali papya. Ndiyo sababu kisima hudanganya: huvutwa kupita kiasi leo, na dalili hutokea baadaye, wakati mwenyewe amekwisha kuzoea mapato yake.

Kisima cha zahanati: hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa zahanati iliyojengwa juu ya mchanga wa pwani. Uso wa maji katika kisima chake uko mita 1 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo chumvi iko mita 40 chini ya usawa huo. Kisima kimeishia mita 30 chini ya usawa wa bahari. Kati ya ncha ya kisima na chumvi imebaki nafasi ya mita 10.

Pampu inapowashwa, maji matamu huvutwa kutoka pande zote, na uzito uliokuwa ukiikandamiza chumvi hupungua hapo hapo chini ya kisima. Chumvi hunyanyuka kuelekea ncha ya kisima, ikitengeneza umbo la kichuguu. Pampu ikivuta taratibu, kichuguu hicho hupanda kidogo kisha hutulia. Lakini kikipanda zaidi ya takriban theluthi moja ya nafasi iliyopo, hakitulii tena. Huchomoza kwa haraka hadi kuingia kisimani. Katika mfano wetu, mwisho wa usalama ni kupanda kwa mita 3 na kidogo.

Kwa mchanga unaopitisha maji kwa kiwango cha wastani, hesabu inaonyesha kwamba kisima hiki kinaweza kuvutwa kwa muda mrefu takriban lita 26,000 kwa siku bila kuvuka mwisho huo. Zahanati inayotumia lita 12,000 imo salama. Sasa uongozi unaamua kuwauzia wenye maboza, na uvutaji unafika lita 60,000 kwa siku. Miezi inapita bila tatizo, kisha chumvi inafika.

Hapo ndipo unapokuja ushauri wa kuongeza kina. Tuseme kisima kinachimbwa mita 5 zaidi. Nafasi kati ya ncha yake na chumvi inapungua kutoka mita 10 hadi mita 5, yaani nusu. Lakini kiasi cha maji kinachoweza kuvutwa kwa usalama hakipungui kwa nusu: kinapungua hadi robo, yaani lita 6,500 hivi kwa siku. Sababu ni kwamba mambo mawili yamebadilika kwa pamoja. Kichuguu sasa kina nafasi ndogo ya kupanda, na pampu inakivuta kutoka karibu zaidi. Zahanati ambayo ingeokolewa kwa kupunguza uvutaji imelipa fedha ili kuisogelea chumvi.

Tiba ya kisima cha namna hii ni kinyume chake: kupunguza kasi ya pampu, kugawa uvutaji katika saa nyingi na kuyahifadhi maji tangini, na panapowezekana kuchimba visima viwili vifupi vilivyoachana badala ya kimoja kirefu. Kisima kilichokwisha kugeuka kinaweza kurudi kikipumzishwa, lakini hurudi polepole kuliko kilivyoharibika, kwa kuwa chumvi hubaki imejificha kati ya chembe za mchanga.

Hata hivyo, nidhamu ya kisima kimoja ina kikomo. Mwaka 1997, ukame ulipopunguza maji ya Mto Ruvu, jiji la Dar es Salaam liligeukia visima, na vingi vilichimbwa. Visima vingi vikivuta mchanga ule ule, uso wote wa maji hushuka, na chumvi husogea kutoka ufuoni kuelekea bara. Ndiyo maana kibali cha kutumia maji kinachotolewa na bodi ya maji ya bonde hutaja kiasi kinachoruhusiwa kuvutwa. Kiasi hicho ni kama kipimo cha dawa: kukizidisha kuna madhara.

Namna ya kutambua

Ulimi si kipimo cha kutegemewa, kwa sababu wanywaji huzoea ladha hatua kwa hatua. Kifaa kidogo cha kupima uwezo wa maji kupitisha umeme kinatosha kuanzia. Pima maji pampu inapowashwa asubuhi, kisha baada ya saa moja, kisha kabla ya kuizima, na uandike. Usomaji ukianza na 900, ukapanda hadi 1,900 jioni, na kesho yake asubuhi ukawa umeshuka karibu na 1,000, hicho ni kichuguu kinachopanda kutoka chini, na kupunguza uvutaji kutasaidia. Usomaji ukiwa 1,900 asubuhi na jioni, na kila mwaka ukiongezeka, chumvi imekwisha kuenea katika eneo zima.

Kama ilivyo kwa homa, si kila chumvi ina chanzo kimoja. Vyoo vya shimo navyo huongeza kloraidi katika maji, lakini huja pia na naitreti nyingi, jambo ambalo maji ya bahari hayafanyi. Kwa hiyo vipimo vya kloraidi na naitreti viombwe pamoja. Tena, kloraidi hutangulia sodiamu. Chumvi inapoingia mara ya kwanza, udongo wa mfinyanzi huishika sodiamu na kuachia kalisiamu. Maji huwa magumu, sabuni haitoi povu, na kipimo cha sodiamu bado kinaonekana chema. Hiyo ni dalili ya mapema inayopaswa kuheshimiwa.

Kikombe cha mgonjwa

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 10.8 za sodiamu. Kwa hiyo maji ya kisima yakichanganyika na asilimia 2 tu ya maji ya bahari hufikia miligramu 200 za sodiamu kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa ladha huanza kukataliwa. Mchanganyiko ukifika asilimia 4, mtu anayekunywa lita 3 kwa siku hupata gramu 1.3 za sodiamu kutoka katika maji peke yake. Shirika hilo linashauri mtu mzima asizidi gramu 2 kutoka katika vyakula na vinywaji vyote. Mgonjwa aliyeacha kuongeza chumvi mezani, kama alivyoelekezwa kliniki, anaweza kuwa anainywa bila kujua.

Katika eneo la Dacope, pwani ya Bangladeshi, watafiti walichapisha mwaka 2011 makadirio ya sodiamu ambayo watu walikuwa wakiipata katika maji ya kunywa: gramu 5 hadi 16 kwa siku wakati wa kiangazi, na gramu 0.6 hadi 1.2 wakati wa mvua. Shinikizo la damu kwa wajawazito lilionekana zaidi wakati wa kiangazi. Tafiti nyingine za pwani hiyo hiyo hazikukuta shinikizo likipanda kwa wanaokunywa maji yenye chumvi kidogo, pengine kwa sababu ya kalisiamu na magnesiamu zilizomo. Kwa hiyo haifai kumwambia kila mwenye kisima kwamba amepata ugonjwa. Inafaa kumwuliza kila mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au moyo, na kila mjamzito: maji ya kunywa unayapata wapi, na ladha yake imebadilika?

Uangalifu zaidi unahitajika katika kuchanganya dawa ya kuongeza maji mwilini kwa mtoto anayeharisha. Pakiti moja katika lita moja ya maji safi hutoa milimoli 75 za sodiamu. Ikichanganywa na maji yenye asilimia 8 ya maji ya bahari, hufika milimoli 112 hivi. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka na chumvi hubaki ikiwa nyingi zaidi kwa kila kikombe. Vidonge vya klorini huua vimelea na kuiacha chumvi ilivyo.

Kwa hiyo, kisima kinapogeuka, maji yake yaendelee kutumika kwa kufulia na kusafisha, na maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri au maji ya bomba yatengwe kwa kunywa, kwa chakula cha watoto wachanga na kwa kuchanganya dawa. Mgonjwa asiache vidonge vyake vya shinikizo kwa kudhani kwamba kubadili maji kunatosha. Na daftari la vipimo vya kisima liwekwe karibu na pampu, ili anayeiwasha aone usomaji wa jana kabla ya kuamua leo avute kwa saa ngapi.