Skrinishoti Haiokoi CV Iliyovurugika

“CV yangu kwenye simu imekaa vizuri, ila mwajiri anasema imevurugika. Niipige skrinishoti halafu niigeuze PDF?” Hapana. Nimeulizwa hivi mpaka nimechoka, na bado kuna wenye steshenari wanaomshauri mteja afanye hivyohivyo.

Wanasema ukipiga picha hakuna kitakachosogea. Kweli hakisogei, kwa sababu hakuna tena maandishi. Kilichobaki ni picha ya maandishi, na kuivalisha PDF hakurudishi hata herufi moja. Afisa ajira akitafuta neno “stoo” ndani ya faili, huenda asilipate. Akigusa barua pepe yako ili akuandikie, haifunguki. Akiichapisha, ndiyo balaa: skrini yenye upana wa nukta 720, ukiitandaza kwenye karatasi ya A4 yenye upana wa inchi 8.27, inatoa nukta 87 tu kwa inchi, wakati chapa safi inataka kama 300. Herufi zinatoka na ukungu, na wewe unaomba kazi ya umakini!

Ugonjwa wenyewe uko kwingine. Faili la Word kwa kawaida hubeba jina la fonti, si fonti yenyewe. Tuseme kiolezo chako kimetumia Oswald, fonti nyembamba, na kompyuta ya mwajiri haina. Itaweka nyingine, pana zaidi. Mstari mmoja unakuwa miwili, jedwali linarefuka, na wadhamini wako wanasukumwa ukurasa wa pili peke yao. PDF iliyotolewa na programu uliyoandikia kwa kawaida huibeba fonti ndani yake, kwa hiyo hilo halitokei.

Basi fanya hivi. Kwenye Google Docs gusa nukta tatu, ingia Page setup, na ukikuta Letter weka A4; violezo vingi ni vya Kimarekani. Pitia kurasa upya, kisha Share & export, Save as, PDF Document. Canva nayo inafaa, mradi ukwepe mapambo ya kulipia.

Sasa funga programu ufungue faili lenyewe, maana ulichokuwa ukikitazama ni rasimu. Vuta karibu sana: herufi halisi hubaki kali, za picha hufifia. Nakili maandishi yote uyabandike kwenye ujumbe mtupu. Kama kiolezo kina safu mbili na “Lugha” imejipenyeza katikati ya “Uzoefu”, mfumo wa mwajiri unaweza kuyasoma vivyo hivyo, kwa hiyo chukua kiolezo cha safu moja. Mtumie mwenzako mwenye simu nyingine, na kwa WhatsApp uitume kama Document, si kama picha. Jina la faili liwe lako. “Untitled document” wanazo za kutosha.