Kigezo Kibaya Kinavyoichelewesha Kompyuta

Tuseme alama za mtihani za watahiniwa 200,000 zimo kwenye kompyuta, na nafasi za masomo ya juu ni 50,000. Mpangaji wa majina anahitaji jambo moja kabla ya mengine yote: alama ya mtu wa 50,000 kutoka juu. Hiyo ndiyo alama ya kukatia. Aliyeifikia anaingia, aliyeikosa anabaki nje.

Wengi wetu tungezipanga alama zote kuanzia ya juu hadi ya chini, kisha tuhesabu mpaka ya 50,000. Jibu litatoka, na litakuwa sahihi. Lakini kompyuta itakuwa imefanya kazi ambayo hakuna aliyeituma: imepambanua nani ni wa 183,406 na nani wa 183,407, wakati sisi tulitaka mtu mmoja tu. Kupanga namba 200,000 kwa njia nzuri huchukua zaidi ya milinganisho milioni 3, yaani mara hizo zote kompyuta inaweka namba mbili pamoja na kuuliza ipi kubwa.

Njia ya mkato ilichapishwa Julai 1961 na Mwingereza Tony Hoare, katika jarida la wanasayansi wa kompyuta la Marekani, Communications of the ACM. Programu yake aliiita `FIND`. Siku hizi wanaosomea kompyuta wanaijua kama uteuzi wa haraka. Tuifuate kwa alama tisa, tukitafuta ya tatu kutoka juu:

61, 48, 77, 35, 90, 54, 82, 43, 66

Tunachagua namba moja iwe kigezo. Tuchukue ya mwisho, 66. Kila namba nyingine inalinganishwa nayo: iliyo kubwa kuliko 66 inasogezwa mbele, nyingine zinabaki nyuma, na 66 yenyewe inawekwa katikati ya makundi hayo mawili. Mbele wamekaa 77, 90 na 82. Nyuma wamebaki watano. Hatujapanga kundi lolote kati ya hayo, ila sasa tunajua jambo moja kwa uhakika: 66 ni ya nne kutoka juu, kwa sababu namba tatu zinaizidi.

Sisi tunatafuta ya tatu. Basi haiwezi kuwa kundi la nyuma, na wale watano tunaachana nao moja kwa moja bila kujua nani kati yao ni mkubwa. Tunabaki na 77, 90, 82. Kigezo sasa ni 82. Ni 90 pekee inayoizidi, kwa hiyo 82 ni ya pili, na iliyobaki, 77, ndiyo ya tatu. Tumelinganisha mara nane katika mzunguko wa kwanza na mara mbili katika wa pili, jumla kumi. Kama tungekuwa tunatafuta ya sita, tungeshika kundi la nyuma na kutafuta ndani yake ya pili, maana nne za juu zimekwisha hesabiwa.

Siri ya kasi iko kwenye kule kutupa. Kigezo kikiangukia karibu na katikati, kila mzunguko unaondoa kiasi cha nusu ya orodha, na mzunguko unaofuata una kazi nusu ya uliotangulia. Kwa kigezo cha kubahatisha, kupata ya 50,000 kati ya 200,000 kunahitaji kwa wastani milinganisho kama 625,000 hivi, alama zikiwa hazirudiani. Ni kama mara tatu tu ya urefu wa orodha.

Sasa tuchukue alama zilezile tisa, lakini safari hii mtu amekwisha zipanga kabla hazijatufikia:

90, 82, 77, 66, 61, 54, 48, 43, 35

Tunatafuta tena ya tatu, kwa utaratibu uleule wa kuchukua ya mwisho. Kigezo ni 35. Namba nane zinalinganishwa nacho na zote nane zinakizidi. Kundi la nyuma ni tupu, na tulichotupa ni 35 peke yake. Mzunguko wa pili kigezo ni 43, milinganisho saba, tumetupa namba moja. Kisha 48, halafu 54, na hivyo hivyo, mpaka tunapoifikia 77 tumelinganisha mara 8 + 7 + 6 + 5 + 4 + 3 + 2, jumla 35. Jozi zote zinazoweza kuundwa na namba tisa ni 36. Yaani karibu kila namba imelinganishwa na kila mwenzake, na hakuna njia ya kufanya kazi hiyo kwa uzito zaidi ya hapo.

Kwa alama tisa hakuna atakayeona tofauti. Kwa 200,000 zilizopangwa hivyo, programu ingeng'oa mtu mmoja mmoja kutoka mkiani, 150,000 kwa idadi, kabla ya kumfikia wa 50,000. Milinganisho inafika bilioni 18.75. Mashine inayolinganisha mara milioni 100 kwa sekunde ingemaliza kazi ya kawaida ya milinganisho 625,000 kabla hujapepesa jicho; hii nyingine ingechukua zaidi ya dakika tatu. Orodha ni ileile, jibu ni lilelile, na programu haijabadilishwa hata herufi.

Linalonikera ni kwamba orodha iliyopangwa si ajali adimu. Ndiyo hali ya kawaida ya data inayotoka ofisini. Karani ameshaipanga kwenye jedwali lake ili isomeke vizuri, au hifadhidata imeitoa ikiwa imepangwa tayari. Mwandishi wa programu anaijaribu kazi yake kwa namba alizozichanganya mwenyewe, inakwenda vizuri, kisha inapewa data halisi na kukwama.

Hii ndiyo sehemu ya kugawa, kama inavyoandikwa mara nyingi kwa lugha ya Python:

```python
def gawa(x, a, b):
    kigezo = x[b]
    i = a
    for j in range(a, b):
        if x[j] > kigezo:
            x[i], x[j] = x[j], x[i]
            i += 1
    x[i], x[b] = x[b], x[i]
    return i
```

Tatizo liko kwenye `kigezo = x[b]`, mstari unaochukua namba ya mwisho daima. Dawa ni mistari miwili juu yake:

```python
    r = random.randint(a, b)
    x[r], x[b] = x[b], x[r]
```

Tunachagua nafasi yoyote kwa bahati nasibu, tunaileta namba yake mwisho, kisha tunaendelea kama kawaida. Kwa nini kubahatisha kunatosha? Kwa sababu hatuhitaji katikati kamili. Ukizigawa namba katika robo nne kwa ukubwa, kigezo kikiangukia kwenye robo mbili za kati, lazima angalau robo ya orodha itupwe. Uwezekano wa kuangukia humo ni nusu. Kwa hiyo, kwa wastani, kila mizunguko miwili tunapata mmoja wa maana, na orodha inapungua upesi. Bahati mbaya inaweza kutokea mara moja au mara tano mfululizo, lakini haiwezi kutokea mara elfu. Hoare mwenyewe alilijua hilo: katika utaratibu wa kugawa aliouchapisha mwaka ule wa 1961, kigezo kilichaguliwa kwa bahati nasibu. Ni sisi tuliokuja baadaye tulioiacha hatua hiyo, kwa sababu mfano unaonekana mfupi zaidi ubaoni bila yake.

Wengine huchukua namba ya katikati ya orodha badala ya ya mwisho. Inaokoa orodha zilizopangwa, ila ni kanuni isiyobadilika, na kanuni isiyobadilika inaweza kutegewa. Mwaka 1999 Doug McIlroy alionyesha namna ya kutengeneza orodha inayoiangusha programu ya kupanga iliyojengwa kwa wazo hilihili la kigezo, hata bila kujua ndani imeandikwaje. Kwa mtu anayepokea data kutoka kwa wageni, hilo si la kupuuza.

Lakini kwa alama za mtihani kuna mtego mwingine, na kubahatisha hakuuondoi. Alama ni namba kamili kuanzia 0 hadi 100, aina 101 tu, na watahiniwa ni 200,000. Lazima maelfu walingane. Tuseme 6,000 wamepata 57, na utafutaji umeshapungua mpaka kundi hilo peke yake. Chagua kigezo popote upendapo, kitakuwa 57. Swali la programu ni `x[j] > kigezo`, na hakuna 57 inayoizidi 57 nyingine, basi kigezo kinakaa mbele na wengine wote wanabaki nyuma yake. Tumerudi kule kule kwa kutupa mmoja mmoja, na kundi hilo dogo linaweza kula milinganisho karibu milioni 18. Hali mbaya zaidi ni orodha ambayo alama bado hazijaingizwa na kila mtu ana 0: kumpata wa 50,000 kutachukua milinganisho bilioni 8.7, ingawa jibu linaonekana kwa macho.

Hapa dawa ni kugawa makundi matatu badala ya mawili: wanaokizidi kigezo, wanaolingana nacho, na walio chini yake. Nafasi tunayoitafuta ikiangukia kundi la kati, kazi imekwisha papo hapo, kwani wote humo ni alama moja. Isipoangukia humo, alama nzima imetoka kwenye orodha pamoja na maelfu yake. Kwa kuwa alama ziko aina 101, hata bahati iwe mbaya kiasi gani, mizunguko haiwezi kuzidi 101.

Utajuaje kwamba programu uliyonayo ina ugonjwa huu? Mpe orodha iliyopangwa, pima muda, kisha mpe nyingine iliyopangwa yenye urefu maradufu, ukitafuta nafasi ya katikati zote mbili. Muda ukipanda mara mbili, yuko salama. Ukipanda mara nne, kigezo kinachaguliwa vibaya. Rudia jaribio kwa orodha ya namba zinazofanana. Kwa Python, ikiwa kazi imeandikwa kwa kujiita yenyewe, huenda usingoje hata muda: baada ya mizunguko kama elfu moja itasimama na kuandika `RecursionError: maximum recursion depth exceeded`. Wengi wanaoliona tangazo hilo hukimbilia kuongeza kikomo. Kikomo hakina kosa. Utafutaji mzima wa watu 200,000 kwa kigezo cha bahati nasibu humalizika kwa mizunguko michache tu ya makumi.

Kwa wasiotaka kutegemea bahati hata kidogo, mwaka 1973 wanasayansi watano, Manuel Blum, Robert Floyd, Vaughan Pratt, Ronald Rivest na Robert Tarjan, walionyesha namna ya kukipata kigezo kwa uhakika. Orodha inakatwa vikundi vya namba tano tano, inachukuliwa ya katikati ya kila kikundi, kisha ya katikati ya hizo za katikati. Kigezo hicho huhakikisha kwamba kila mzunguko unatupa karibu asilimia 30 au zaidi. Gharama yake ni kwamba siku za kawaida kinakwenda polepole kuliko kubahatisha, kwa vile kukitafuta nako ni kazi. Mwaka 1997 David Musser alipendekeza kuunganisha mawili hayo: anza kwa njia nyepesi, ichunguze inavyokwenda, na ikionekana haipunguzi orodha ipasavyo, hamia kwenye ile ya uhakika. Maktaba ya NumPy inatumia mseto wa namna hiyo, na alama ya kukatia ya watu wetu inapatikana kwa mstari mmoja: `np.partition(x, -50000)[-50000]`.