Usiku wa kileleni, vidole vivae nini?

Wapandaji wengi wa Kilimanjaro huondoka kambi ya Barafu au ya Kibo karibu na saa sita usiku, ili mapambazuko yawakute ukingoni mwa kreta. Baridi huweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri, na upepo huizidisha. Mwendo nao ni wa pole mno, haupashi mwili joto. Mwili ukipoa, hupunguza damu inayokwenda mikononi ili kulinda moyo na ubongo, na vidole ndivyo vinavyoumia kwanza.

Wengi hutegemea glavu nene za vidole vitano. Mchana zinafaa sana: unashika fimbo, unafunga zipu, unafungua chupa. Ila kila kidole kimo peke yake, baridi imekizunguka pande zote. Ukitafuta nene zaidi, vidole havikunjiki, na bado vinapoa.

Glavu za kifuko, zenye chumba cha gumba tu na kingine cha vidole vinne, hushinda kwa joto kwa sababu vidole hulala pamoja na kupashana joto kama watoto kwenye blanketi moja. Kwa kazi ya mikono hazifai kitu. Hata kubadilisha betri za tochi ya kichwani huwezi, na mtu akizivua avibakishe vidole vitupu kwenye upepo, dakika chache tu zinatosha kuvitia ganzi.

Hapo ndipo glavu nyembamba za ndani, za sufu au sintetiki, zinapofaa. Zenyewe hazina joto la kutosha kileleni, lakini ukizivaa ndani ya kifuko, unatoa mkono, unabadilisha betri, unaurudisha haraka, na ngozi haijagusa chuma. Epuka za pamba. Zikilowa jasho hazikauki. Kifuko kiwe na kamba ya kufunga kifundoni, maana upepo ukikichukua kule juu, hakirudi.

Wanaokodi vifaa Moshi wavae zote mbili palepale dukani na kukunja ngumi. Zikibana, chukua saizi kubwa zaidi: glavu inayobana huzuia damu na kufinya hewa inayotunza joto.

Njiani, jaribu mara kwa mara kugusisha gumba na kidole cha mwisho. Ukishindwa, acha kila kitu uvae vifuko, mikono uitie kwapani. Maumivu yakiisha ghafla na ngozi ikawa ngumu, imepauka au ya kijivu, usifikiri umepona, tishu zinaganda. Usisugue. Mwambie kiongozi wako, mshuke.

Kwa maoni yangu, kama fedha ni za kubana, nunua za ndani zako mwenyewe na ukodi vifuko. Zile nene za vidole vitano azima kwa rafiki. Kazi yake kubwa huishia kambini.