Kikohozi cha Ndama Bondeni

Ndama mmoja akikohoa wakati anakunywa maji, hana neno. Lakini ndama watatu au wanne wa rika moja wakikohoa asubuhi ileile, masika yameshika na bonde limejaa majani mabichi, hapo mfugaji asingoje. Katika nyanda za juu zenye baridi na unyevu, kama Njombe, Rungwe, Kinangop au Kabale, kikohozi cha namna hiyo kinapaswa kumfanya mtu afikirie minyoo ya mapafu kabla ya kukimbilia sindano ya antibayotiki.

Wafugaji wengi wanaijua minyoo ya tumboni, ile inayoleta kuhara na tumbo kubwa. Ya mapafuni haizungumzwi sana, labda kwa sababu haionekani hadi mnyama afe na koo lake lipasuliwe. Ukiipasua mirija ya hewa ya ndama aliyekufa kwa ugonjwa huu unakuta povu, na ndani ya povu minyoo myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, yenye urefu wa sentimita 5 hadi 8, imejisokota pamoja. Mahali ilipojazana hewa haipiti. Pembeni, vipande vya pafu vimegeuka vyekundu iliyoiva na vigumu kama nyama, havielei ukivitia majini.

Safari ya minyoo hii ndiyo inayoeleza kila kitu kinachofuata, kwa hiyo tuifuate polepole. Mnyoo jike hutaga mapafuni. Mayai huanguliwa upesi, ndama anakohoa, mabuu yanapanda hadi kooni, anayameza, nayo yanatoka na kinyesi. Kwenye kinyesi hayali chochote, yanaishi kwa akiba yaliyozaliwa nayo. Hali ya hewa ikiwa nzuri, yaani unyevu bila jua kali, baada ya siku tano hadi saba huwa tayari kumwambukiza mnyama mwingine. Ndama anayala pamoja na majani. Yanatoboa utumbo, yanapita kwenye tezi za limfu, yanaingia kwenye damu, na kwa muda wa wiki moja hivi yamefika mapafuni. Hapo yanakua kwa wiki mbili au tatu zaidi, kisha yanaanza kutaga.

Kuna jambo moja katika safari hiyo ambalo limekuwa likinishangaza tangu nilipolisoma. Mabuu haya ni mazito, hayatambai mbali, na ng'ombe hapendi kula majani yaliyo karibu na kinyesi chake. Basi yanafikaje mdomoni? Juu ya kinyesi cha ng'ombe huota kuvu wadogo, vijiti vyenye kung'aa vyenye kichwa cheusi, ambavyo ukiinama asubuhi unaviona kwa macho. Mabuu yanakipanda kijiti hadi kichwani. Kuvu ukikomaa na kupigwa na mwanga, shina lake linapasuka na kukirusha kichwa hadi umbali wa mita mbili au tatu, pamoja na abiria wake, kikaangukie kwenye majani masafi ambayo ndama hana sababu ya kuyakwepa. Mvua kubwa, kwato na kinyesi chepesi husaidia pia kuyasambaza. Ndiyo maana malisho yanaweza kuonekana safi kabisa na bado yakawa na hatari.

Sasa tuchukue mfano. Mfugaji ana mitamba sita, wa miezi minane hadi kumi, walioachishwa ziwa na hawajawahi kutoka bandani. Novemba mvua za kwanza zinapoanza anawatoa kuchunga kwenye bonde lenye maji, wanakolisha pia ng'ombe wakubwa wa jirani. Ng'ombe wakubwa wanaonekana wazima, lakini mmoja wao amebeba minyoo michache tangu msimu uliopita. Mitamba wanaokota mabuu machache mwezi huo. Hakuna anayekohoa. Mwezi unaofuata minyoo ile michache imekomaa, na kila mtamba sasa anatoa mabuu kwa maelfu kwenye kinyesi chake. Majani ya bondeni yanajaa. Mwishoni mwa Desemba wanakula dozi kubwa kwa mara moja. Januari, wakipandishwa kilima kurudi nyumbani, wanaanza kukohoa.

Katika wiki hizo za kwanza, dozi kubwa iliyoingia bado haijaanza kutaga, ingawa mabuu yanapita mapafuni yakiharibu vifuko vya hewa. Kinyesi kikipimwa wakati huo kinaweza kutoa mabuu machache au kisitoe kabisa, nacho kipimo cha kawaida cha mayai ya minyoo hakitasema kitu kwa sababu mayai ya mnyoo huu huanguliwa kabla hayajatoka. Mwambie daktari wa mifugo unashuku minyoo ya mapafu ili atumie njia inayofaa. Kinyesi kichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja, kisiokotwe chini, maana kwenye udongo kuna minyoo mingine isiyo na madhara itakayochanganya majibu. Kinafungwa kwenye kitambaa chepesi, kinatumbukizwa kwenye faneli yenye maji ya vuguvugu na kuachwa usiku kucha. Mabuu hutoka yenyewe na kuzama chini, ambako huchukuliwa na kuangaliwa kwa hadubini. Yakionekana, jibu ni ndiyo. Yasipoonekana katika wiki mbili za kwanza za kikohozi, ugonjwa bado unaweza kuwepo.

Kwa hiyo uamuzi wa kutibu hutegemea zaidi picha nzima. Wanyama wachanga wa msimu wao wa kwanza wa malisho, wengi kwa pamoja, wanakohoa, wanapumua haraka, lakini bado wanataka kula na homa si kubwa. Hesabu pumzi asubuhi kabla jua halijapanda, mnyama akiwa ametulia: tazama ubavu unavyopanda kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Akivuka 60 kwa dakika, pafu limekwisha kuumia. Akinyoosha shingo, akifungua mdomo na kutoa ulimi, hali ni mbaya. Homa kali pamoja na tezi zilizovimba kwenye shingo au bega hukuelekeza kwenye ndigana kali. Homa kali na kukohoa kwa ng'ombe wa rika zote kunaweza kuwa homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa ambao ni lazima utolewe taarifa kwa mamlaka. Usiyaamue hayo peke yako.

Tiba yenyewe si ngumu. Albendazoli, levamisoli na ivamektini zote huua minyoo hii, mabuu na wakubwa. Wakati ndio unaotofautisha. Mtamba aliyepewa dawa katika wiki ya kwanza au ya pili ya kikohozi hupona karibu kabisa. Aliyengojewa hadi anapumua kwa mdomo, mirija yake imejaa minyoo. Dawa ikiiua yote kwa pamoja, mizoga yake inavutwa ndani ya pafu, na mnyama anaweza kuzidiwa kwa siku moja au mbili. Huyo atibiwe na daktari, ambaye huenda akaongeza dawa ya kupunguza uvimbe, na antibayotiki kama bakteria wameingia. Asiswagwe. Aletewe majani na maji pale alipo, kivulini. Wachache huonekana wanapata nafuu, kisha katika mwezi wa pili hupumua vibaya tena. Kwao minyoo imeshatoka na tatizo ni kovu la pafu, hivyo kuwarudishia dawa ya minyoo kila wiki ni kupoteza fedha.

Dozi ndiyo inayokosewa zaidi. Mtamba wa kilo 120, aliyepimwa kifua kwa utepe, anahitaji albendazoli miligramu 7.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 900. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, basi ni mililita 9. Chupa ya asilimia 2.5 ina 25 tu kwa mililita, basi ni 36. Aliyezoea chupa ya kwanza akinywesha mililita 9 kutoka chupa ya pili ametoa robo ya dawa, akaacha minyoo hai na kujifunza kulaumu dukani. Soma asilimia kwenye lebo kabla ya kujaza bomba. Ivamektini ya asilimia 1 hupewa chini ya ngozi, mililita 1 kwa kilo 50, kwa hiyo mtamba huyu anapata 2.4. Ng'ombe anayekamuliwa kwa maziwa ya kunywa asipewe kama lebo haijaruhusu, na albendazoli isitolewe mwezi wa kwanza wa mimba.

Wanywesheni wote sita, hata asiyekohoa, kwa sababu walikula majani yaleyale. Kisha swali la wapi wataenda ni muhimu sawa na dawa. Albendazoli na levamisoli haziachi kinga mwilini. Mtamba aliyerudishwa bondeni jioni hiyo anaanza kuokota tena, na kikohozi kikirudi baada ya wiki mbili tatu watu husema dawa ilikuwa feki. Ivamektini hukinga takriban mwezi mmoja, muda unaotosha kuwahamisha. Mahali pazuri ni kilimani palipo pakavu na hapajalishwa ndama msimu huo, au bandani kwa majani ya matete yaliyokatwa mbali na bonde.

Mnyama aliyekutana na minyoo michache na kupona hujenga kinga imara, ndiyo maana wakubwa hawaugui sana. Watafiti wa Glasgow walitumia jambo hilo hilo, na mwaka 1959 ikatoka chanjo ya mabuu yaliyodhoofishwa kwa mionzi. Chanjo hiyo ina mabuu hai yanayoharibika upesi. Kwa mfugaji wa huku kinga itatokana na kupanga malisho: ndama wasilale na kulisha mahali pamoja na wakubwa, na wasiwekwe mwaka mzima bandani kisha kuachiwa ghafla kwenye bonde lililojaa.

Kwa mbuzi na kondoo hadithi inafanana, ila mnyoo mkuu ni mwingine na hukomaa polepole zaidi, kama wiki tano. Wana pia minyoo midogo inayopitia kwa konokono na ndugu zao wasio na gamba, ambao mbuzi huwameza pamoja na majani yenye umande. Hiyo hukaa ndani ya vinundu vya pafu, na dozi moja mara nyingi haiiondoi. Kumbuka mbuzi huimaliza dawa mwilini haraka kuliko kondoo, hivyo dozi ya kondoo humpungukia. Levamisoli nayo huwa na nafasi ndogo kati ya kutosha na kuzidi kwao, basi usikisie. Mbuzi anayekohoa pamoja na kutokwa na makamasi mazito, macho kuganda na kuhara mara nyingi ana sotoka, na huyo aitiwe daktari siku hiyohiyo.

Mfugaji wa bondeni, sikiliza mifugo yako inapopanda kilima kurudi nyumbani. Ukisikia zaidi ya ndama mmoja wakikohoa, hesabu pumzi zao, andika tarehe, na mpigie daktari wa mifugo ndani ya wiki hiyo.