Uso Mpya, Rangi ya Jirani

Mwaka 2003, Pérez, Gangnet na Blake walionyesha namna ya kupandikiza kipande cha picha bila mshono kuonekana. Leo wengi huiita kwa `cv2.seamlessClone`. Ajabu ni kwamba rangi zenyewe za uso mpya hazihifadhiwi. Kinachohifadhiwa ni tofauti kati ya nukta na jirani yake, huku nukta za ukingoni zikilazimishwa kufuata picha inayopokea. Pengo la ukingoni husambazwa taratibu hadi ndani.

Ukingo ukipita shavuni, wekundu 180 ukikutana na 170, pengo la 10 halisumbui. Ukigusa nywele zenye 40, pengo ni 140, na paji la uso huingia weusi, hasa karibu na nywele. Punguza kinyago kwa `cv2.erode`, ukingo ubaki kwenye ngozi.