Mshahara Kwenye Vitabu vya Hesabu: Makato, Michango na Deni la Likizo

Mfanyakazi mmoja anapolipwa mshahara wa mwezi, fedha zake huenda kwa zaidi ya mtu mmoja. Sehemu huingia kwenye akaunti yake ya benki, sehemu huenda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na sehemu huenda kwenye mifuko ya kijamii. Ipo pia sehemu ambayo hailipwi mwezi huo lakini imekwisha kuwa deni, nayo ni malipo ya likizo. Kazi ya mhasibu ni kuandika kila sehemu mahali pake, katika mwezi ambao kazi ilifanyika, hata kama fedha zitatoka baadaye.

Chukua mfano wa karakana ya samani mjini Morogoro yenye wafanyakazi sita. Fundi wake mmoja ana mshahara ghafi wa shilingi 780,000 kwa mwezi. Katikati ya mwezi alichukua advansi ya shilingi 100,000, ikaandikwa kama fedha anayodaiwa na karakana.

Hesabu huanzia kwenye mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), kwa sababu mchango huo hutolewa kabla ya kodi kupigwa. Asilimia 10 ya mshahara ghafi ni 78,000, hivyo zinabaki 702,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kipato cha kati ya 520,000 na 760,000 hutozwa 20,000, pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Ziada hapa ni 182,000, na asilimia 20 yake ni 36,400, kwa hiyo kodi yote ni 56,400. Ukiondoa NSSF, kodi na advansi, fundi anapokea 545,600 mkononi.

Siku ya mwisho ya mwezi, ingizo la kwanza kwenye jarida linakuwa hivi:

Debiti: Gharama ya mishahara 780,000
Krediti: NSSF inayodaiwa 78,000
Krediti: PAYE inayodaiwa 56,400
Krediti: Advansi za wafanyakazi 100,000
Krediti: Mishahara inayodaiwa 545,600

Gharama inayoandikwa ni mshahara ghafi, si kile kilichoingia benki. Kodi na mchango vilivyokatwa ni jasho la fundi. Karakana imevishika tu kwa niaba yake hadi vifike vinakotakiwa. Advansi nayo haiwi gharama kwa mara ya pili. Krediti ya 100,000 inafuta deni lililoandikwa siku fundi alipochukua fedha. Mhasibu aliyeandika advansi kama gharama siku ile, kisha akaandika mshahara ghafi wote mwisho wa mwezi, amehesabu shilingi zilezile mara mbili.

Ingizo la pili ni la mchango wa mwajiri mwenyewe, ambao haupunguzi hata senti moja kwenye mshahara wa fundi. Mwajiri anaongeza asilimia 10 yake NSSF, yaani 78,000, na asilimia 0.5 ya mshahara kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), yaani 3,900.

Debiti: Gharama ya michango ya mwajiri 81,900
Krediti: NSSF inayodaiwa 78,000
Krediti: WCF inayodaiwa 3,900

Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huongeza hapa pia Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi (SDL). Karakana hii, kwa kuwa ina wafanyakazi sita, haiguswi na tozo hiyo. Basi fundi wa 780,000 anaigharimu 861,900 kwa mwezi, kabla ya kugusa suala la likizo.

Malipo yenyewe hayaleti gharama mpya. Mshahara ukilipwa, akaunti ya mishahara inayodaiwa inadebitiwa 545,600 na benki inakreditiwa kiasi hichohicho. PAYE inatakiwa kufika TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na michango ya NSSF ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Kila malipo hufuta deni lake. Baada ya hapo, akaunti za madeni ya mwezi huo zinapaswa kusoma sifuri. Ikibaki salio, ama fedha hazijapelekwa, ama kiasi kilichokatwa hakilingani na kilicholipwa. Salio la NSSF la 78,000 kamili, kwa mfano, huashiria kwamba upande mmoja wa mchango umelipwa na mwingine umesahaulika.

Eneo linalosahaulika zaidi ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12. Haki hiyo hukua kidogo kidogo kadiri anavyofanya kazi. Mshahara wa fundi kwa mwaka ni 9,360,000. Ukigawanywa kwa wiki 52, kila wiki ni 180,000. Siku 28 ni wiki nne, yaani 720,000, na fungu la kila mwezi ni 60,000. Ingizo la tatu la mwezi ni hili:

Debiti: Gharama ya likizo 60,000
Krediti: Deni la likizo 60,000

Kwa kuwa mwajiri atachangia NSSF na WCF hata kwenye mshahara wa likizo, mhasibu makini huongeza kwenye deni asilimia 10.5 ya fungu hilo, yaani 6,300, nayo hufutwa likizo inapochukuliwa.

Baada ya miezi 12, deni la mshahara wa likizo limefika 720,000. Fundi anapokwenda likizo, analipwa 780,000 zake kama kawaida, lakini debiti inagawanyika: 720,000 zinakwenda kwenye deni la likizo na 60,000 tu kwenye gharama ya mishahara. Makato upande wa krediti hayabadiliki, na fungu jipya la 60,000 kwa mzunguko mpya linaandikwa vilevile. Hesabu ya mwaka huo inathibitisha usahihi: miezi 11 ya 780,000, na 60,000 za mwezi wa likizo, pamoja na mafungu 12 ya 60,000, vinarudi kuwa 9,360,000. Mhasibu akisahau kugawanya debiti ile, gharama ya mwaka inapanda hadi 10,080,000, na deni la watu waliokwisha kupumzika linabaki vitabuni.

Mshahara ukipanda, siku za zamani ambazo hazijachukuliwa nazo hupanda bei. Fundi akiongezwa hadi 910,000, wiki yake inakuwa 210,000. Ikiwa bado ana siku 14, deni lake linatoka 360,000 kwenda 420,000, na tofauti ya 60,000 huandikwa kama gharama ya mwezi wa nyongeza.

Njia ya kuhakiki deni hili ni kuhesabu upya kutoka kwenye rejista ya likizo: wiki zilizobaki za kila mfanyakazi, mara mshahara wake wa sasa wa wiki. Jumla hiyo ilinganishwe na leja angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Mfanyakazi akiacha kazi, sheria inamtaka mwajiri amlipe siku za likizo alizostahili na hakuzitumia, na kiasi hicho kinapaswa kuwa tayari kimo vitabuni.