Bomba, Tundu na Sarafu za Mchezo

Mchezo wa kompyuta usiolipiwa huchapisha fedha kila sekunde. Mchezaji akiua jitu, sarafu huzaliwa hapo hapo. Haikutoka mfukoni mwa mtu. Waundaji wa michezo huita chanzo hicho bomba. Mahali ambapo sarafu inafutika kabisa, kama kumlipa fundi wa mchezo atengeneze upanga, ni tundu. Mchezaji akimuuzia mwenzake upanga, hakuna kilichofutika: sarafu imehama tu mkono.

Tuchukue mfano. Mchezaji anapata sarafu 100 kwa siku, na matengenezo yanamgharimu 60. Zinabaki 40. Baada ya siku 300 ana 12,000, na wenzake wote wanazo vilevile. Upanga uliouzwa 500 sasa unagombewa kwa maelfu, na mgeni aliyeingia jana hawezi kuugusa. Huo ndio mfumuko wa bei.

Sasa tuondoe gharama ile ya 60, na badala yake mchezo umeze asilimia 5 ya akiba kila siku, kupitia ushuru wa soko na ada nyingine zinazopanda pamoja na bei. Akiba ikifika 2,000, asilimia 5 yake ni 100, sawa kabisa na kinachoingia. Hapo inatulia. Ni kama tangi lenye tundu chini: maji yakipanda, yanatoka kwa nguvu zaidi.

Kampuni ya Grinding Gear Games ya New Zealand ilikwenda mbali zaidi katika Path of Exile, mchezo wa bure uliotoka mwaka 2013. Ulianza bila dhahabu. Wachezaji walifanya biashara kwa vito vyenye kazi. Kimoja, Chaos Orb, hubadilisha kwa bahati nasibu sifa za silaha adimu, kisha hutoweka. Kwa hiyo kila mwenye kito huchagua: akinunulie kitu, au akiteketeze akitafuta silaha bora. Tundu limo ndani ya sarafu yenyewe.

Hata hivyo, wachezaji hodari huokota vito vingi kuliko wanavyoteketeza. Ndiyo maana kila baada ya miezi michache hufunguliwa msimu mpya, ambamo wote huanza mikono mitupu. Mali ya msimu uliopita haifutwi. Huhamishiwa ulimwengu wa kudumu, na huko malimbikizo ya miaka huendelea kukua.

Mwundaji asingoje malalamiko. Kila siku alinganishe sarafu zilizozaliwa na zilizofutika, kisha atazame akiba ya mchezaji wa kati, maana wastani huvutwa juu na matajiri wachache. Pengo likipanuka wiki baada ya wiki, apanue tundu mapema. Kukaza bomba baadaye huwaumiza wageni, ilhali waliotangulia wamekwisha kujaza maghala.